Mawazo Hayahitaji Kipaza Sauti

Nimechoka na mtu anayetazama dirishani. Mnamjua. Amekaa kitandani au kwenye siti ya basi, kamera inamsogelea usoni polepole, kinanda kinalia kwa huzuni, halafu sauti yake mwenyewe inashuka kutoka juu ikiwa na mwangwi kidogo: "Hivi nimwambie ukweli au ninyamaze? Nikimwambia atanionaje?" Midomo haitikisiki. Anapepesa macho, anashusha pumzi, anafuta chozi. Tumehamia sini nyingine, na mwandishi wa skripti anaamini ametuonyesha moyo wa binadamu.

Hajatuonyesha kitu. Ametusomea. Na siku hizi, kila hadithi fupi nzuri ya Kiswahili inapochukuliwa kwenda kuwa filamu, hiyo ndiyo dawa ya kwanza inayotolewa kwenye mfuko: hadithi ina mawazo mengi, basi mpe mhusika sauti ya mawazo. Ikikataliwa hiyo, linakuja jibu la pili, baya zaidi: "Hii haifanyiki bwana, yote iko kichwani mwa mtu."

Yote mawili nimeyasikia mwaka huu juu ya hadithi moja. Imeandikwa na kijana wa Mbeya ambaye sitamtaja, kwa sababu bado hajaichapisha. Ni kurasa tisa. Mama muuza viazi wa Uyole anapanda basi kwenda Iringa kwenye msiba wa kaka yake. Marehemu alimkopesha laki sita, na hakuna mtu mwingine ukweni anayejua. Basi. Kuanzia Uyole hadi anashuka Ipogolo, tunakaa kichwani mwake: deni la marehemu linalipwa kwa nani? Likinyamaziwa ni wizi? Hadithi inaisha mguu wake ukigusa lami, hajaamua.

Mtayarishaji mmoja akaipenda, akaipeleka kwa fundi wake wa skripti. Ikarudi na kurasa 22. Nilizihesabu: kwenye kurasa 17 kulikuwa na sauti ya mawazo. Kisha, kwa kuwa mtu aliogopa kwamba filamu nzima ndani ya basi itachosha, wakaongeza sini ambapo mama anapanda jiwe la Gangilonga, pale juu ya mji wa Iringa, na kuongea na marehemu kwa sauti. Jina Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linalosema, kwa hiyo naona walidhani wamepata bahati. Mama mfiwa, mwenye begi mkononi, badala ya kwenda msibani anapanda mwamba kuhutubia upepo!

Sasa tubishane vizuri. Kwa nini sauti ya mawazo haifanyi kazi, hata inapochukua maneno yaleyale ya hadithi, neno kwa neno?

Kwa sababu kwenye karatasi wazo halina mshindani. Msomaji anaposoma kwamba mama anajiuliza kama marehemu anadai, hakuna uso mbele yake, hakuna basi, hakuna mwanga. Wazo ndilo tukio lenyewe. Msomaji anaweza kusimama katikati ya sentensi, akakumbuka deni lake mwenyewe, akarudi. Kwenye filamu uso upo tayari, na uso wa mwigizaji mzuri unasema mambo matatu kwa wakati mmoja. Sauti ikija juu yake inachagua moja na kuyaua mawili. Mtazamaji aliyekuwa anachungulia anaambiwa usihangaike, jibu ni hili. Anaegemea nyuma na kutoa simu mfukoni.

Kuna jambo la pili, la muda. Mafundi wa skripti huhesabu ukurasa mmoja kuwa karibu dakika moja kwenye kioo. Aya ya mawazo ambayo msomaji aliimeza kwa sekunde kumi, ikisomwa kwa ile sauti ya huzuni, inakula nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo hakuna kinachobadilika ndani ya basi. Mama alikuwa na wasiwasi inapoanza, ana wasiwasi inapoisha. Kurasa 17 za namna hiyo ni mtu kukaa kwenye siti.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu zuri kuliko wanaolitoa wanavyolielewa. Wanasema: sisi ni watu wa masimulizi. Bibi alitusimulia, redio ilitusimulia, na hata filamu za kigeni tulizikuta mabandani zikisimuliwa. Kwa hiyo sauti juu ya picha ni mila yetu, na anayeikataa amekariri vitabu vya Wazungu.

Haya, twende bandani. Aliyekulia mjini Mbeya au Iringa na akawahi kulipa kiingilio cha banda la video anaikumbuka sauti ya dijei akitafsiri filamu ya Kihindi au ya Kichina. Wengi walianza kwa kumuiga Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Mukandala. Lakini kumbukeni kile sauti ile ilichokuwa ikifanya. Jambazi anatabasamu na kumkaribisha shujaa chakula. Dijei anatuambia jamaa huyu ni nyoka, angalieni mkono wake wa kushoto. Shujaa analia, dijei anamcheka. Sauti ilikuwa inabishana na picha, inaongeza chumvi, inaonya, inamsema mhusika kama shangazi anavyomsema mtoto wa jirani. Hakuna dijei aliyeishi mjini kwa kutuambia "sasa ana huzuni" juu ya uso wenye huzuni. Angezomewa na watoto wa kiingilio cha shilingi hamsini.

Kwa hiyo mila ipo, na mila hiyo inaihukumu sauti ya mawazo ya leo. Msimulizi wetu alikuwa mtu wa pili mwenye maoni yake. Sauti ya mawazo ni mtu yuleyule akirudia kile tunachokiona. Mkitaka msimulizi, mleteni msimulizi kweli: abishane, adanganye, ajue kitu ambacho mama hakijui. Hapo mtanikuta mstari wa mbele nikipiga makofi.

Sasa niende kwenye mfano uliokwishafanyika Afrika Mashariki, kwa sababu hili si jambo la nadharia. Hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, mwandishi wa Uganda, ilishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwaka 2018 mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliitoa kama filamu, Rafiki, kwa skripti aliyoiandika na Jena Cato Bass. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la Cannes. Nyumbani ilipigwa marufuku kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili, na mwezi wa tisa mwaka huohuo mahakama iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Kila msomaji ana msimamo wake juu ya mada hiyo na sijaja hapa kuusogeza. Nimekuja kuangalia ufundi, kwa sababu hiyo hadithi ni ngumu kuihamisha kuliko ya mama wa Uyole.

Ni ngumu kwa nini? Kwa sababu yote imesemwa na msichana mmoja, Anyango, akimwambia mwenzake, Sanyu, "wewe". Sanyu hayupo. Alipelekwa Uingereza baada ya wawili hao kufumaniwa, na sasa Anyango amesikia anarudi. Hadithi nzima ni mtu kuongea kichwani na mtu asiyekuwepo, akikumbuka, akikasirika, akitamani. Mwombe fundi wetu wa kurasa 22 aigeuze hiyo, atakupa saa moja na nusu ya dada dirishani.

Kahiu na Bass walifanya nini? Kwanza walimnyang'anya Anyango kipaza sauti. Yule "wewe" aliyebeba hadithi wakamtupa. Kisha wakapindua mpangilio: habari ya kurudi, ambayo kwenye hadithi ndiyo mlango wa kuingilia, kwenye filamu inakuja mwishoni, miaka ikiwa imepita. Kwa hiyo yaliyokuwa kumbukumbu yakawa matukio yanayotokea mbele yetu kwa mara ya kwanza, na wasichana, ambao sasa wanaitwa Kena na Ziki, hawajui mwisho wao kama sisi tusivyoujua. Hawakuhitaji kisengerenyuma hata kimoja ili kutuambia kwamba jambo hili litakuja kuumiza.

Pili, na hapa ndipo pa kujifunza, waliuliza wazo kubwa la Anyango ni lipi. Sio "nampenda". Ni "tunaangaliwa". Kwenye hadithi yupo jirani mmoja, Mama Atim, mkusanya umbea wa mtaa, na Anyango hawezi kufikiri chochote bila macho ya Mama Atim kupita humo. Filamu ilimchukua mama huyo na jina lake lilelile, ikampa kibanda cha chakula mtaani, mahali ambapo kila mtu lazima apite, ale, akae, na asikike. Tangu hapo hatuhitaji kuambiwa Kena anaogopa. Tunamwona akiwa mtu mmoja kibandani na mtu mwingine akiwa mbali na kibanda. Wazo limepata anwani ya kudumu.

Sisemi filamu ile haina kasoro. Wazazi wa kiume wa wasichana hawa wamefanywa wagombea wanaoshindana kwenye uchaguzi, na mimi naona hapo mkono wa mtu aliyeogopa kwamba ukimya hautatosha. Ushindani wa kura unatupa sababu ya nje kwa kila kitu, na uchungu wa Anyango, ule wa mtu aliyebaki nyuma na kumlaumu kidogo anayempenda, umepungua. Hicho ndicho kilichopotea. Lakini angalieni kosa limeegemea upande gani: waliongeza tukio mahali ambapo wangeweza kuamini uso. Sisi tunaongeza maneno mahali ambapo hatuna tukio wala uso.

Turudi barabarani, Mbeya kwenda Iringa. Kijana aliniletea zile kurasa 22 akiwa amekata tamaa, tukakaa na hadithi yake ya kurasa tisa, si na skripti. Nitaeleza tulivyofanya, ili mtu akisema haifanyiki awe na kitu cha kubishana nacho.

Tulichukua kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza tulipigia mstari kila wazo linaloelekea kwenye uamuzi: nilipe au nisilipe, nimwambie wifi au nisimwambie. Rangi ya pili ilikuwa kumbukumbu: kaka alivyomsaidia soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, kaka alivyokuwa akicheka. Rangi ya tatu ilikuwa maoni: dunia hii, binadamu, kifo, pesa. Tulipomaliza, rangi ya tatu ilikuwa karibu nusu ya hadithi. Na hiyo rangi, jamani, ndiyo yote iliyokuwa imekwenda kwenye sauti ya mawazo! Fundi alichagua sentensi nzuri. Sentensi nzuri za maoni ndizo zinazopendeza kusikika na ndizo zisizosogeza chochote. Tukaziacha kwenye hadithi, ndiko kwao.

Kumbukumbu ya moto tuliitupa ndani ya dakika tano. Kuonyesha soko likiungua ni gharama ambayo hakuna mtu Mbeya wala Iringa ataitoa kwa filamu fupi, na hata angeitoa, mtazamaji angetoka akizungumzia moto. Tunachohitaji kujua juu ya kaka ni kimoja tu: alikopesha, na dada alikuwa na nia ya kulipa.

Hilo lilichukua sini moja ya maneno machache. Uyole, jioni, kibandani. Mteja kapakia magunia yake ya lumbesa, kaondoka. Simu ya mama inalia mlio wa ujumbe, binti anaisoma kwa niaba ya mama ambaye mikono ina udongo.

"Laki sita imeingia. Si ndiyo zile za mjomba?"

"Ndizo. Asubuhi namrushia."

Basi. Hiyo ndiyo kazi yote ya maneno katika kuanzisha. Tunajua kiasi, tunajua ni cha nani, tunajua kuna mtu mmoja tu anayejua, na tunajua mama huyu si mwizi. Asubuhi simu inalia tena. Hatumsikii anayepiga. Tunamwona binti akichukua kitenge na kumfunga mama yake.

Sasa ndani ya basi. Kijana alikuwa na kurasa nne za "deni la marehemu linalipwa kwa nani?" Swali zuri. Tukaliuliza hivi: swali hili likishika mkono wa mama, mkono unafanya nini? Tulijaribu kumfanya aangalie picha ya kaka. Ni uongo, picha ni dirisha jingine. Tulijaribu jirani wa siti mwenye kuuliza maswali. Ni sauti ya mawazo iliyovaa koti.

Kisha kijana akasema, "Si pesa ziko kwenye simu? Atajaribu kumtumia."

Hapo nikanyamaza. Kila mtu nchini anaijua hatua ile: unaingia kwenye menyu, unaweka namba, unaweka kiasi, halafu simu inakutajia jina la mwenye namba na kusubiri namba yako ya siri. Mama, mahali fulani baada ya Igawa, anaweka namba ya kaka yake kwa kichwa, kwa mazoea. Anaandika laki sita. Na kioo kinamletea jina kamili la marehemu, kwa herufi kubwa, kikimwuliza kama anathibitisha. Kidole kiko juu ya kitufe. Kamera haihitaji kumsogelea usoni hata kidogo. Menyu ile haisubiri mtu: ukichelewa inajifunga yenyewe. Inajifunga. Jina linatoweka.

Kurasa nne za mawazo zimeingia kwenye sekunde ishirini, na hakuna kilichosemwa. Nawaomba muangalie kwa nini inafanya kazi, maana si ujanja wa simu. Wazo limepata kitu ambacho kinaweza kwenda njia mbili, kina kikomo cha muda, na mhusika anakigusa kwa mkono wake. Picha ya ukutani haina njia mbili. Jirani wa siti hana kikomo. Kitufe kinavyo vyote.

Tukaendelea. Mafinga, basi limesimama abiria wapate chakula na choo. Mama anakimbilia kwa wakala. "Unatoa zote?" "Zote." Dereva anapiga honi. Anarudi na noti kwenye kona ya kitenge. Tumejua ameamua kitu, ila hatujui ni nini, na yeye pia hajui. Kwenye hadithi wasiwasi huo ulikuwa ukurasa mzima.

Na hapa ilibidi tuvunje mwisho wa kijana. Hadithi yake inaishia Ipogolo, mguu kwenye lami. Kwenye karatasi ni mwisho mzuri, kwa sababu swali linabaki ndani yetu na msomaji alikuwa ndani tangu mwanzo. Kwenye filamu mtazamaji amekuwa nje akimfuata mama. Ukimwachia barabarani, utamfanya aone basi likiondoka tu. Tukampeleka mama msibani.

Anapokelewa. "Kamwene," anaitika, anakaa na wanawake. Nje, chini ya turubai, kuna kijana na daftari la rambirambi. Mama anampa noti. Anazihesabu, anashtuka kidogo, anashika kalamu.

"Niandike nani?"

Swali hilo la maneno mawili ndilo skripti nzima. Kila kitu tulichokitupa, marehemu, wizi, aibu, upendo, kimesimama hapo kikisubiri jibu. Mama anaweza kusema ni deni. Anaweza kuomba aitiwe wifi pembeni. Anasema, "Andika dada wa marehemu."

Jioni daftari linasomwa kwa sauti mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Elfu tano, elfu kumi, elfu kumi, na kisha laki sita, dada wa marehemu kutoka Mbeya. Watu wanageuka. Minong'ono ya kusifu. Wifi anainuka alikokaa, anamjia, anamshika mikono miwili.

"Wifi, umetusitiri."

Mwisho. Amelipa kila shilingi, na ameiba shukrani. Hakuna mtu hapo anayeujua ukweli isipokuwa mama, binti aliyebaki Uyole, na sisi. Na sisi tumeujua bila kuambiwa, kwa hiyo tunaubeba pamoja naye. Kwenye hadithi tulikuwa kichwani mwa mama. Hapa tumekuwa washirika wake. Ni njia nyingine ya kufika ndani, na kamera haijui njia nyingine.

Skripti ikawa kurasa kumi na moja. Nusu.

Sasa gharama, maana sitaki kuwauzia muujiza. Kijana alipoteza sentensi yake nzuri kuliko zote, ya karibu na Makambako, ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa ni yake. Hakuna kitufe wala daftari linaloweza kuibeba. Pia hadithi yake ilikuwa na mama anayejiuliza, filamu ina mama aliyetenda. Yule wa kwanza alikuwa na huruma zaidi kwa nafsi yake, huyu wa pili tunamwogopa kidogo. Mwandishi ana haki ya kulia juu ya hilo, na ana haki ya kukataa. Kinachonikera ni wale wanaosema wamelinda hadithi kwa kuibandika sentensi zake juu ya uso wa mwigizaji. Hawajailinda. Wameifanya kitabu cha kusikiliza chenye picha za basi.

Na msiniambie kwamba ni suala la bajeti au la nchi maskini. Mjapani Ryusuke Hamaguchi alichukua hadithi fupi ya Haruki Murakami, iliyotoka katika mkusanyiko wa mwaka 2014, inayohusu mwigizaji mfiwa anayeendeshwa gari huku mawazo yamejaa marehemu mkewe. Ni jamaa wa mama yetu kabisa: gari, safari, aliyekufa, jambo lisilosemwa. Filamu hiyo, Drive My Car ya mwaka 2021, ina karibu saa tatu na ilichukua Oscar mwaka uliofuata. Mume anawazaje juu ya mkewe? Ana kaseti ya kukariri tamthilia, na filamu ikaamua kwamba sauti iliyo kwenye kaseti ni ya mke mwenyewe, akisoma sehemu za wengine na kumwachia mume nafasi za kujibu. Mke amekufa, kaseti inaendelea kuacha nafasi. Gharama ya wazo hilo ni kaseti moja. Gharama ya letu ni menyu ya simu.

Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kukaa na hadithi kwa siku tatu kabla ya kufungua kompyuta. Tunaambiwa Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, haiwezi kuwa filamu kwa sababu Kazimoto anafikiri mno. Tunaambiwa hata Mirathi ya Hatari ya Mung'ong'o, ya mwaka 1977, ya nyanda hizihizi, ambapo kijana anarithishwa uchawi na baba yake, itahitaji sauti ya mawazo ili tuelewe hofu yake. Kazimoto anafikiri mno, sawa. Lakini anafikiri akiwa mbele ya nani, akishika nini, akikataa kusema nini? Hilo swali sijawahi kumsikia mtayarishaji akiliuliza. Huwa anauliza nani ataigiza na muziki utakuwa wa nani.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika skripti, nawapa jaribio moja la bure. Chukua skripti yako yenye sauti ya mawazo, zima sauti zote hizo, mpe mtu asiyejua hadithi aisome. Akifika mwisho akakuambia mhusika aliamua nini na lini, maneno yale yalikuwa ya ziada, yafute. Asipoweza kukuambia, bado hujaandika filamu, na hakuna sauti itakayoiokoa. Rudi kwenye hadithi na kalamu tatu.

Na nyinyi mnaoandika hadithi fupi, mkiambiwa kazi yenu haifanyiki kwa sababu yote iko kichwani, msikimbilie kuongeza ngumi na mapanga. Mwulizeni mtu huyo ameisoma mara ngapi. Yule wa kwetu, nilipomwuliza, alisema alisomewa kwa simu akiwa njiani.